Otesha Juni, Uza Desemba

Mdogo wangu unayesoma Ifakara, Mang'ula, Mbingu au Mlimba, nakuandikia wewe ambaye kila Januari unamtazama mama akihesabu hela ya daftari, viatu na mchango wa chakula, na moyoni unasema ningekuwa na changu ningemsaidia. Unaweza kuwa na chako mwaka huu huu, na hutakosa kipindi hata kimoja. Lakini inabidi uchague kazi kwa akili, kwa sababu katika bonde letu kazi nyingi zinazompa mwanafunzi hela zinamdai darasa kwanza.

Chukua kuamia ndege. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea hawasubiri kengele ya shule ilie. Anayeamia huingia shambani alfajiri na kutoka jua likizama, na familia nyingi huhamia kabisa kwenye madungu huko mashamba ya mbali, shule ikabaki mjini. Vibarua vya kuvuna navyo ni kutwa nzima. Kuuza vitumbua au karanga stendi kuna hela ya kila siku, hilo sikatai, ila hela hiyo inapatikana jioni, saa zile zile unazohitaji kwa hesabu na kemia. Sizidharau kazi hizi, na wapo waliosomeshwa nazo. Ila mwanafunzi anahitaji biashara inayokua yenyewe wakati yeye yuko darasani.

Ipo, na inalingana vizuri na kalenda ya shule. Ni kitalu cha miche ya kakao.

Tazama inavyokwenda. Mche wa kakao unahitaji miezi mitano au sita kitaluni kabla ya kupelekwa shambani. Wakulima wetu hupanda mvua zikishakolea, kati ya Desemba na Januari. Rudisha hesabu nyuma utaangukia Juni, na Juni mko likizo. Kazi nzito yote, yaani kuchota udongo, kujaza viriba na kupanda mbegu, inaisha ndani ya likizo hiyo. Shule ikifunguliwa Julai inabaki kazi ya nusu saa asubuhi: kumwagilia na kukagua. Oktoba na Novemba, wakati wa mitihani ya kidato cha pili na cha nne, miche inazidi kukua bila kukudai zaidi ya ndoo za maji. Desemba shule inafungwa, mvua inanyesha, wateja wanakuja, na hela inaingia mkononi wiki chache kabla ya mahitaji ya Januari.

Usianze na mbegu. Anza na mteja, na ufanye hivyo Mei, kabla hujanunua chochote.

Shamba la kakao lililopandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu linachukua miche kama 450 kwa ekari. Maana yake, kitalu chako cha kwanza cha miche 200 hakitoshi hata nusu ekari. Kwa hiyo huhitaji soko kubwa. Unahitaji wakulima wawili au watatu tu: mmoja anayefungua robo ekari, mwingine anayeziba mapengo ya miche iliyokufa mwaka jana. Wapo kando ya barabara ya kutoka Kidatu kupitia Mang'ula hadi Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa, na wapo upande wa Mbingu na Mngeta. Nenda nyumbani kwa mmoja wao jioni, akiwa ametulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mimi ni mtoto wa jirani yako wa pale kisimani. Nataka kuotesha miche ya kakao Juni hii. Nimesikia unaongeza shamba. Mvua zikianza utahitaji miche mingapi, na mwaka jana ulinunua kwa bei gani?"

Kisha nyamaza umsikilize. Atakwambia bei, atakwambia miche aliyonunua ilikuwa na kasoro gani, na huenda akakuonyesha mti wake anaouamini kuliko yote. Andika. Akisema atachukua 80, mwombe atangulize kidogo, hata kama ni theluthi ya thamani. Aliyetanguliza hela atarudi Desemba. Aliyetoa ahadi tupu anaweza kurudi au asirudi.

Siku hizo hizo uliza jambo la pili, ambalo wengi hawaliulizi. Je, kuna mtu anayegawa miche ya kakao kijijini kwenu msimu huu? Kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza kununua kakao mbichi kwa wakulima wa bonde hili mwaka 2013 na kuichachua yenyewe, imekuwa pia ikiotesha miche kwa ajili ya wakulima. Halmashauri nazo huwa na mipango yake. Mkulima atakayepewa miche bure au kwa bei ya chini sana hatanunua ya kwako, hata kama anakupenda. Ukisikia mgao unakuja kijijini, usikate tamaa na usishindane nao. Viriba vile vile, udongo ule ule na kivuli kile kile vinaotesha mipapai, na mpapai uko tayari kupandwa baada ya wiki sita hadi nane tu. Muulize afisa ugani wa kata, na huyo huyo mwambie mpango wako mapema. Ubora wa mbegu na miche nchini unasimamiwa na TOSCI, na afisa huyo ndiye wa kukueleza muuza miche anatakiwa kufuata utaratibu gani. Mzazi au mlezi aende nawe, maana hata laini ya simu itakayopokea malipo ni vizuri iwe ya kwake.

Na bei ya kakao yenyewe? Hapa nakutaka macho wazi. Mwishoni mwa 2024 kakao katika soko la dunia ilipita dola 12,000 kwa tani, bei ambayo haijawahi kuonekana, na kila mwenye kipande cha ardhi akatamani kupanda. Mwaka 2025 ikaporomoka vibaya. Bei ikishuka, mkulima huahirisha kupanda shamba jipya, ingawa mapengo ataendelea kuziba. Ndiyo maana nasisitiza oda kwanza. Ukipata oda za miche 90 tu, otesha 120, usioteshe 500 kwa kuwa mtu fulani alitajirika bei ilipokuwa juu.

Haya, tuseme umepata oda za kutosha na unataka miche 200 ya kuuza. Panda 260, kwa sababu mbegu nyingine hazitaota na miche mingine itabaki dhaifu. Tunda moja la kakao lina mbegu kama 30 hadi 40, hivyo matunda kumi yanatosha.

Mbegu ndiyo sehemu ambayo wanaoanza huumia. Kakao iliyokaushwa kwa ajili ya kuuza haioti. Usichote kwenye gunia la baba ukapanda, utamwagilia udongo mtupu kwa mwezi mzima. Mbegu ya kakao ikitoka kwenye tunda huanza kufa, na baada ya siku chache haifai. Kwa hiyo unachukua matunda mazima, yaliyoiva vizuri na kugeuka rangi, yasiyo na doa jeusi, na unayapasua siku ile ile ya kupanda. Yatoe kwenye miti miwili au mitatu inayojulikana kwa kuzaa sana, kama ule ambao mzee alikuonyesha. Mwambie ukweli mteja wako kwamba mche wa mbegu hautafanana na mti mama kwa kila kitu, kwa sababu maua ya kakao huchavushwa kutoka mti hadi mti. Anayetaka mti ule ule hasa anahitaji mche uliobebeshwa, na huo ni ufundi wa kujifunza mwaka wa pili.

Gonga tunda kwa gongo au ligonge kwenye jiwe, usilikate kwa panga, panga hujeruhi mbegu. Acha zile za nchani zilizo ndogo, chukua za katikati zilizonona. Utaona zimevaa nyama nyeupe yenye utelezi na utamu, na utamu huo huita sisimizi. Zisugue kwa mchanga mkavu au majivu mpaka utelezi uishe. Majivu hayana shida hapa Ifakara: kila mashine ya kukoboa ina mlima wa makapi ya mpunga, na mara nyingi makapi yaliyochomwa unayaokota bure.

Udongo ufuate kipimo cha ndoo tatu za udongo wa juu mweusi, moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga. Kwa viriba 260 vya ukubwa wa kawaida wa miche ya miti, vyenye kina cha sentimita 25 hivi, utahitaji kama ndoo 25 za lita 20: kumi na tano za udongo, tano za samadi, tano za mchanga. Mchanga usiuache, kwa sababu mfinyanzi wetu wa bondeni ukilowa unashika maji na mizizi inakosa hewa. Samadi ipime kwa mkono. Zamisha mkono katikati ya lundo. Ukihisi joto au ukinusa harufu kali, bado haijaoza na itaunguza mizizi. Udongo uchukue shambani kwenu. Usiingie hifadhi ya Udzungwa wala msitu wa akiba kuchota udongo mweusi, hata kama ni ndoo moja.

Viriba vinauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Kama hela haipo, chupa za maji za lita moja na nusu zinafaa. Kata shingo, toboa matundu sita chini kwa msumari wa moto, osha, jaza. Usitumie vikopo vifupi. Kakao hushusha mzizi mkuu mmoja moja kwa moja, na ukikuta kitako karibu unajikunja. Mche wa namna hiyo unapendeza kitaluni, halafu unadumaa shambani, na mteja hatakusahau.

Panga viriba kumi kumi kwa upana ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, karibu na kisima, ndani ya uzio wa mianzi au miiba unaozuia kuku na mbuzi. Juu jenga kichanja cha kivuli kwa makuti, kimo cha mtu kusimama, mwanga upenye kama nusu. Mwagilia udongo jana yake. Siku ya kupanda, laza mbegu moja katika kila kiriba, au isimamishe ile ncha iliyoshikana na ute wa katikati ikiwa chini, ifunike kwa udongo wa unene wa sentimita mbili tu. Ukizamisha zaidi itaozea humo.

Kati ya wiki ya kwanza na ya pili utaona shingo inachomoza ikiwa imejikunja, halafu inainuka na kubeba ile mbegu nzima juu hewani kabla haijafunguka. Usiiguse. Kiriba ambacho wiki ya tatu bado kimya, fukua taratibu. Ukikuta mbegu laini yenye harufu, maji yalizidi au mbegu ilizeeka. Ukikuta tundu tupu, panya amepita, na usiku huo tafuta njia yake chini ya uzio.

Kuanzia hapo kazi yako ni macho. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, ndoo mbili na nusu za maji zinatosha viriba vyote, kama bilauri moja ndogo kila kimoja. Kabla ya kumwagilia chukua udongo kidogo wa kiriba ukaufinye. Ukitoa maji, usimwagilie leo. Ukishikamana bila kutoa maji, uko sawa. Ukimeguka vumbi, umechelewa. Wengi wanaopoteza miche hawaipotezi kwa kiu. Wanaipotezea kwenye maji mengi, na dalili yake ni shina kuwa jeusi pale linapogusana na udongo, kisha mche unalala. Ondoa huo mara moja, ukautupe mbali, na upunguze maji kwa jirani zake.

Kuna siku utashtuka. Majani mapya yatatoka yakiwa mekundu kama kutu, laini, yakining'inia chini kana kwamba yamekauka. Hayo ni mazima kabisa. Kakao hutoa majani kwa mikupuo, na kila mkupuo huanza na rangi hiyo kabla ya kukaza na kuwa kijani. Dalili za kuhangaikia ni nyingine. Shina refu, jembamba, lenye majani ya rangi ya njano iliyofifia linakwambia kivuli ni kizito, punguza makuti. Majani yaliyoungua kingo yakawa kahawia yanakwambia jua limezidi, na Septemba na Oktoba jua la bondeni linazidi kweli, hivyo ongeza makuti. Majani yaliyokatwa kwa mviringo usiku ni kazi ya panzi au konokono. Toka na tochi saa moja usiku uwaokote kwa mkono. Kitalu cha miche 200 hakihitaji sumu, na sumu si kitu cha mwanafunzi kushika.

Kila mwisho wa mwezi inua kila kiriba na ukirudishe. Mzizi uliotoka chini ukaingia ardhini ukatike ungali mdogo. Usipofanya hivyo, Desemba utang'oa mche na nusu ya mizizi itabaki ardhini, mteja atapanda, baada ya wiki mbili utasikia umekufa. Katikati ya Novemba anza kupunguza makuti kidogo kidogo, ili miche izoee jua kabla ya kwenda shambani. Usiondoe yote kwa siku moja.

Sasa hela. Bei nitakazotaja ni za mfano, weka za kijijini kwenu. Tuseme matunda kumi umenunua kwa shilingi 500 kila moja, hiyo ni 5,000. Viriba 260 kwa shilingi 30 ni 7,800. Ukiweka makuti, kamba na misumari ya 5,000, mtaji wako ni kama shilingi 18,000. Ukiuza miche 200 kwa shilingi 500, unapata 100,000. Toa mtaji, unabaki na 82,000. Na hata mambo yakienda vibaya ukauza 100 tu, bado una 50,000, na mtaji umerudi karibu mara tatu. Nguvu yako haimo kwenye hesabu hii, nami sitakudanganya kwamba ni bure: nusu saa kila asubuhi kwa miezi sita si kidogo. Lakini ni nusu saa ambayo mwalimu hakuidai.

Andika kila kitu kwenye daftari moja: ulichotoa, ulichopokea, nani ametanguliza kiasi gani, miche mingapi imekufa na kwa nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokufanya mwakani upande 240 badala ya 260 kupata 200 ile ile.

Siku ya kuuza, usimpe mteja mche dhaifu. Mche unaofaa una kimo cha sentimita 40 au zaidi, shina lililonyooka na kukaza, majani ya mwisho yakiwa yamegeuka kijani. Mche ulio kwenye mkupuo mwekundu usisafirishwe, usubiri wiki mbili. Mwagilia jioni, safirisha asubuhi, beba kwa kushika kiriba wala si shina. Kama mteja yuko ng'ambo ya mto upande wa Ulanga, siku hizi daraja lipo na bodaboda mwenye kreti anabeba miche ya kutosha kwa safari moja. Nenda naye, umwone mkulima akipanda, umwambie achane kiriba kabla ya kufukia. Wapo wanaopanda na plastiki yake.

Wateja wakishamaliza, pale kitaluni patakuwa na miche kumi au ishirini iliyobaki, mingine mifupi ikisubiri mkupuo wake ukomae. Usiigawe na usiiache ikauke. Ongea na wazazi wakukatie kona ya shamba la migomba, kwa sababu kakao changa inahitaji kivuli na mgomba unakitoa. Chimba mashimo mita tatu kwa tatu, tia samadi, panda Januari. Kakao huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Kama mwezi huo ndio unaanza kidato cha kwanza, basi ukiwa kidato cha nne utakuwa unapasua matunda ya miti yako mwenyewe, na mbegu za kitalu hutanunua tena.